Elimu Hata China: Hadithi Tatu Katika Mizani ya Isnadi



Yapo maneno ambayo ni nadra kumpata mtoto wa Kipemba aliyepita chuoni akawa hayajui. Ni yale yanayotuhimiza kuitafuta elimu hata kama iko China. Huyasikia siku ya mahafali ya madrasa, huyasikia mzazi anapomuaga mwanawe anayekwenda kusoma Unguja au Maskati, na mara nyingi msemaji huyafunga kwa kusema kwamba ndivyo alivyosema Mtume, rehema na amani zimshukie. Siku hizi, hapo hapo huinuka kijana na kusema kwamba hadithi hiyo ni dhaifu. Mzee hukasirika, humuuliza kijana kama yeye anaipinga elimu. Kijana naye hujibu kwa ukali, na baraza huvunjika kila mmoja akimwona mwenziwe kapotea.

Nionavyo mimi, wote wawili wanazungumza mambo mawili tofauti. Mzee anautetea ujumbe wa maneno. Kijana anazungumzia njia ambayo maneno hayo yametufikia. Wanahadithi wanapoipa habari daraja la sahihi, hasan au dhaifu, kwanza kabisa wanaihukumu njia. Leo nataka tuifuate kazi yao hatua kwa hatua, na nitachukua hadithi tatu zinazohusu jambo moja, yaani kutafuta elimu. Moja ni sahihi, moja imepanda hadi daraja la hasan baada ya kuwa dhaifu, na ya tatu ni hiyo ya China.

Jambo lenyewe si geni kwetu sisi watu wa Pemba. Usiku wa tarehe 29 Shaabani, habari ikifika Chake kwamba mwezi umeonekana Micheweni, masheikh hawaulizi kama habari inapendeza. Wanauliza nani aliyeuona kwa macho yake, nani aliyeileta habari, je huyu alikutana na yule au naye kasikia tu njiani, je ni watu wakweli, na je macho na akili zao ni timamu. Habari inaweza kuwa kweli na mwezi ukawa umeandama, lakini ikiwa mletaji hajulikani, hakuna atakayetangaza kufunga kwa kauli yake.

Wanahadithi nao huuliza maswali hayo hayo. Hadithi ina sehemu mbili. Kuna matini, ndiyo maneno yenyewe, na kuna isnadi, ndiyo safu ya wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa sahaba, mpaka kwa Mtume. Ibn Salah, aliyefariki mwaka 1245, ndiye aliyezipanga kanuni za fani hii katika kitabu ambacho wote waliokuja baada yake wamekitegemea. Ili hadithi iwe sahihi, yatakiwa mambo matano. La kwanza, safu iwe imeungana, kila mpokezi awe amepokea kweli kwa aliye juu yake. La pili, kila mmoja awe muadilifu, mtu wa dini asiyejulikana kwa uongo wala uchafu wa mwenendo. La tatu, kila mmoja awe na dhabti, yaani alichokisikia akihifadhi sawasawa, ama kifuani ama katika maandishi yake. La nne, habari isiwe imekwenda kinyume na ile ya watu madhubuti kuliko mpokezi wake. La tano, isiwe na ila, kasoro iliyojificha ambayo haionekani mpaka njia zote za habari ile zikusanywe na kulinganishwa.

Yakitimia yote matano, hadithi ni sahihi. Yakitimia yote lakini mpokezi mmoja akawa hifadhi yake imepungua kidogo, mtu mkweli anayekosea mara moja moja, hadithi hushuka na kuitwa hasan, na bado hutolewa dalili katika sheria. Likikosekana moja kabisa, hadithi ni dhaifu. Na udhaifu nao una ngazi: kuna wa mtu aliyesahau, na kuna wa mtu aliyeongopa. Tofauti hii ya ngazi ndiyo itakayotuamulia mambo mbele.

Msikilizaji utauliza: mtu aliyekufa miaka elfu na zaidi iliyopita, hifadhi yake tunaijuaje? Wanahadithi walikuwa na njia zao, na nitataja mbili.

Njia ya kwanza ni tarehe. Katika mji wa Himsi, nchi ya Shamu, alikuja mtu aitwaye Umar bin Musa, akawa anawahadithia watu habari kutoka kwa Khalid bin Maadan, mwanachuoni mashuhuri wa mji huo. Ufair bin Maadan akamuuliza: ulikutana naye mwaka gani? Akajibu, mwaka 108 wa Hijra. Akamuuliza, wapi? Akajibu, katika vita vya Armenia. Ufair akamwambia amche Mungu, kwa kuwa Khalid alifariki mwaka 104, na sasa yeye anadai kukutana naye miaka minne baada ya kuzikwa. Kisha akamwongezea kwamba Khalid hakuwahi kupigana Armenia. Alikuwa akipigana na Warumi. Maswali mawili tu, la mwaka na la mahali, yakaimaliza safu nzima. Kwa sababu hiyo wanavyuoni waliandika vitabu vikubwa vya rijali, vyenye majina ya wapokezi, miji yao, masheikh wao, safari zao na miaka waliyofariki.

Njia ya pili ni mtihani na ulinganisho. Yahya bin Main, aliyefariki mwaka 233 wa Hijra, alikwenda Kufa pamoja na Ahmad bin Hanbal kwa sheikh aitwaye Abu Nuaim. Yahya akaandika katika karatasi hadithi thelathini za sheikh huyo, na katika kila kumi akapenyeza moja isiyokuwa yake. Zikasomwa mbele ya sheikh. Kila alipofika kwenye ile ya kupenyezwa, Abu Nuaim alinyamaza kisha akasema hii si katika hadithi zangu, ifute. Alipogundua kwamba anajaribiwa, akampiga Yahya teke akamwangusha kutoka kwenye baraza aliyokalia. Yahya hakukasirika. Alisema teke lile analipenda kuliko safari yake yote, kwa sababu amepata alichokitaka: mtu ambaye hapenyezewi neno lisilo lake akalikubali. Kwa wasioweza kujaribiwa ana kwa ana, wanahadithi walizikusanya habari zao na kuzilinganisha na za wenzao waliosoma kwa sheikh mmoja. Anayeafikiana na wenziwe mara nyingi ni madhubuti. Anayeleta peke yake yale ambayo wanafunzi wenzake wote hawayajui, huyo hutiliwa shaka.

Matokeo ya kazi hiyo Ibn Hajar wa Askalani, aliyefariki mwaka 1449, aliyafupisha katika kitabu chake cha Takribu. Humo kila mpokezi amepewa hukumu ya maneno machache, katika ngazi kumi na mbili. Ya juu kabisa ni ya masahaba, kisha waaminifu madhubuti, kisha wakweli, kisha wakweli wanaokosea, na huteremka kwa wasiojulikana, kwa walioachwa, mpaka ya mwisho ambayo ni ya waongo na wazushi. Sasa tuziingize hadithi zetu katika mizani hiyo.

Hadithi ya kwanza ni ile isemayo kwamba anayeshika njia kutafuta elimu, Mwenyezi Mungu humsahilishia kwa sababu yake njia ya kwenda peponi. Ameipokea Imamu Muslim katika Sahihi yake. Muslim kaisikia kwa masheikh watatu, akiwemo Abu Bakr bin Abi Shaiba. Wao wameipokea kwa Abu Muawia, kipofu wa Kufa. Abu Muawia kaipokea kwa al-Aamash, al-Aamash kwa Abu Saleh, mfanyabiashara wa samli na mafuta aliyekuwa akisafirisha bidhaa yake baina ya Madina na Kufa, na Abu Saleh kwa Abu Huraira, aliyemsikia Mtume.

Tuwapime. Abu Huraira ni sahaba. Abu Saleh ni mwaminifu madhubuti, na alikaa na Abu Huraira Madina. Al-Aamash ni hafidhi mkubwa wa Kufa, naye alipokea mengi kwa Abu Saleh. Abu Muawia alijulikana kuwa miongoni mwa wanafunzi wanaozihifadhi zaidi hadithi za al-Aamash. Hata mwanafunzi wa mwanzo angeona kwamba safu hii haina tatizo.

Lakini wakubwa wa fani waliona jambo. Al-Aamash, pamoja na ukubwa wake, alikuwa na tadlisi: mara nyingine alipokea habari kwa mtu wa katikati, kisha akamruka mtu huyo na kusema tu "kutoka kwa fulani", bila kusema "amenihadithia fulani". Katika njia ya Abu Muawia, al-Aamash kasema "kutoka kwa Abu Saleh". Je, alimsikia mwenyewe? Imamu Tirmidhi ameeleza kwamba mpokezi mwingine, Asbat bin Muhammad, aliipokea kwa al-Aamash akisema "nimehadithiwa kutoka kwa Abu Saleh". Ikiwa ni hivyo, basi pana mtu katikati asiyetajwa. Tirmidhi alipoileta hadithi yenyewe katika mlango wa elimu, aliiita hasan, hakuipandisha juu zaidi.

Muslim naye hakuliacha jambo hilo hewani. Baada ya njia ya Abu Muawia ameleta njia nyingine, ya Abu Usama, ambamo al-Aamash anasema wazi kwamba Abu Saleh ametuhadithia. Kwa neno hilo moja mashaka ya kuruka mtu yanaondoka, kwa sababu al-Aamash hakuwa mwongo. Anaposema amesikia, basi amesikia. Hadithi ikabaki katika Sahihi Muslim, na umma umeipokea. Angalieni basi: maimamu wawili wakubwa, maneno yale yale, safu ile ile, na tofauti ya daraja imetokana na namna mtu mmoja alivyosema amepokea. Hata iliyo sahihi imefika hapo baada ya kuulizwa maswali magumu.

Hadithi ya pili ni ile isemayo kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. Imo katika Sunan ya Ibn Maja. Ibn Maja kaipokea kwa Hisham bin Ammar, yeye kwa Hafsi bin Suleiman, yeye kwa Kathir bin Shindhir, yeye kwa Muhammad bin Sirin, yeye kwa Anas bin Malik, mtumishi wa Mtume.

Anas ni sahaba. Ibn Sirin ni mlima wa uaminifu. Kathir ni mkweli mwenye makosa. Kisha tunamfikia Hafsi bin Suleiman, na hapa nakuombeni msikilize kwa makini, kwa sababu mtu huyu mnamjua. Misahafu tunayoisoma leo Pemba, ile ambayo mtoto wa Konde au wa Kengeja anaianza kwa alifu na kuihitimisha, tunaisoma kwa kisomo cha Hafsi kutoka kwa Asim. Ndiye huyu huyu. Aliishi kutoka mwaka 90 hadi mwaka 180 wa Hijra, akalelewa na Asim kwa kuwa Asim alimuoa mama yake, akaichukua Kurani kwake neno kwa neno, na Waislamu wengi duniani leo wanasoma alivyosoma yeye.

Mtu huyo huyo, katika hadithi, Bukhari amesema kwamba wanahadithi wamemuacha. Ibn Hajar katika Takribu ameyaweka mambo mawili pamoja: ni mwenye kuachwa katika hadithi, pamoja na uimamu wake katika kisomo. Shuuba, mkaguzi mkali wa Basra, alilalamika kwamba Hafsi aliazima kitabu kwake hakukirudisha, na kwamba alikuwa akichukua vitabu vya watu na kuvinakili. Hilo si dogo kwa wanahadithi, maana anayenakili kitabu bila kukisikia kwa mwenyewe hana wa kumsahihishia kosa la kalamu. Dhahabi alieleza sababu kwa uadilifu: Hafsi aliishughulikia Kurani akaimudu, wala hakuishughulikia hadithi kama hivyo.

Hapa ndipo panapowapotosha wengi. Tunadhani kumwita mpokezi dhaifu ni kumtoa katika watu wema. Uadilifu ni kitu kimoja na dhabti ni kitu kingine, na dhabti yenyewe hugawika: mtu huweza kuwa imamu katika fani moja na akawa haaminiki katika nyingine. Pale mnapomsikia mwanafunzi wa hadithi akisema kwamba fulani ni dhaifu, msidhani anamtukana maiti.

Kwa safu ya Ibn Maja peke yake, basi, hadithi hii ni dhaifu. Imamu Ahmad aliona kwamba hakuna kilichothibiti katika mlango huu, na Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliihukumu kuwa dhaifu ingawa maana yake ni sawa. Lakini hadithi hii haikuja kwa njia ya Hafsi tu. Imepokewa kwa Anas kwa njia nyingi nyingine, na imepokewa pia kwa masahaba wengine. Njia hizo nyingi zina udhaifu, ila upo ambao ni wa kusahau na kuchanganya, si wa kuongopa. Na hapa kanuni inasema: wasahaulifu wawili au watatu wa miji mbalimbali, wasiochukua habari mmoja kwa mwingine, wakileta neno lile lile, ni vigumu wote kuwa wamekosea kosa moja. Habari hupanda ikawa hasan kwa msaada wa nyingine. Al-Mizzi, bingwa wa rijali wa Damaski aliyefariki mwaka 1341, alisema njia zake zinaifikisha daraja la hasan. Baadaye Suyuti alikusanya njia zipatazo hamsini akaihukumu sahihi kwa wingi huo.

Kupanda huko hakukubeba kila kitu. Katika Ibn Maja, baada ya sentensi ya faradhi, kuna nyongeza inayomfananisha anayeiweka elimu kwa wasioistahiki na anayewavisha nguruwe johari na dhahabu. Nyongeza hiyo haikuungwa mkono na njia zile nyingi, kwa hiyo imebaki katika udhaifu wake. Na sisi huku tumezoea kuongeza kwamba ni faradhi kwa kila Muislamu mwanamume na mwanamke. Sakhawi, mwanafunzi wa Ibn Hajar, aliyefariki mwaka 1497, amebainisha kwamba neno la mwanamke liliongezwa na baadhi ya waandishi wala halimo katika njia yoyote ya hadithi, ingawa maana yake ni sahihi. Binti wa Kipemba elimu ni faradhi kwake, kwa sababu neno Muislamu linamkusanya yeye na kaka yake. Hatuna haja ya kumtilia Mtume neno ambalo hakuna aliyelipokea kwake.

Sasa twende China. Njia mashuhuri ya maneno hayo inapita kwa al-Hasan bin Atia, kutoka kwa Abu Atika, kutoka kwa Anas bin Malik. Ibn Adi, aliyefariki mwaka 365 wa Hijra, aliyekusanya habari za wapokezi dhaifu, ameeleza kwamba hakumjua mwingine aliyelitaja neno la China isipokuwa al-Hasan bin Atia. Juu yake kuna Abu Atika, ambaye jina lake lenyewe limegombaniwa, kama ni Tarif bin Salman au Salman bin Tarif. Bukhari amesema hadithi zake ni munkari, na Nasai kasema si mwaminifu. Anas alikuwa na wanafunzi wengi mashuhuri Basra. Iweje neno zito namna hii wasilijue wao, alijue Abu Atika peke yake?

Utasema: je, nayo haina njia nyingine za kuipandisha kama ile ya faradhi? Zipo. Moja ina Yakub bin Ishak wa Askalani, ambaye Dhahabi kamwita mwongo. Nyingine imepita kwa al-Juwaibari, mmoja wa wazushi mashuhuri wa hadithi. Hapa mnaona kwa nini nilisema ngazi za udhaifu ndizo zitakazoamua. Wasahaulifu husaidiana, waongo hawasaidiani. Uongo ukiongezwa juu ya uongo hauzai ushahidi, pengine huonyesha tu kwamba mmoja ameiba kwa mwenziwe. Kwa hiyo Baihaki aliona kwamba maneno ni mashuhuri na njia zote ni dhaifu, Ibn Hibban akaihukumu kuwa batili, na Ibn Jauzi akaitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Wapo walioona kwamba kuiita ya kuzushwa ni kuzidisha, na kwamba yatosha kuiita dhaifu. Tofauti yao ni ya kina cha shimo. Hakuna mkaguzi mkubwa wa Kisunni aliyeifikisha usahihi kwa njia ya Abu Atika.

Lakini sisi tuko Pemba, na Pemba haina madhehebu moja. Ndugu zetu Maibadhi, ambao masomo yao yameungana na Omani kwa vizazi, wanayo Musnad ya Imamu Rabii bin Habib. Katika mlango wake wa elimu maneno haya ya China yamo, kwa safu nyingine kabisa: Rabii kwa Abu Ubaida, Abu Ubaida kwa Jabir bin Zaid, Jabir kwa Anas bin Malik. Hamna Abu Atika humo. Jabir bin Zaid ni mwaminifu kwa Maibadhi na kwa Masunni, na Bukhari na Muslim wote wamepokea kwa njia yake. Kwa anayeitegemea Musnad hiyo, safu ni fupi na watu wake ni maimamu. Wanahadithi wa Kisunni hawaitegemei, kwa sababu kitabu hakikupokewa katika duru zao, na kilichomo mikononi leo kimepangwa na al-Warjilani, mwanachuoni wa Afrika Kaskazini, karne nne hivi baada ya Rabii. Basi kijana wa Kishafii anaposema mbele ya mzee wa Kiibadhi kwamba hadithi hii haina asili, aseme haina njia iliyothibiti kwa wanahadithi wa Kisunni. Hiyo ndiyo kauli ya mwanachuoni, kwa sababu inaeleza hukumu imetolewa na nani na kwa safu ipi.

Limebaki la mwisho: tufanye nini na hadithi dhaifu katika mawaidha? Wanavyuoni wengi wameruhusu kuitaja katika kuhimiza wema, si katika halali na haramu. Ibn Hajar aliweka masharti matatu. Udhaifu wake usiwe mkali, jambo lenyewe liwe na msingi uliothibiti katika dini, na anayeitumia asiitakidi kwamba Mtume kaisema kwa yakini. Na adabu ya kuitaja ni kusema "imepokewa" au "husemwa". Neno "Mtume kasema" huwekwa akiba kwa lililothibiti. Hadithi ya China, kwa safu ya Abu Atika, haitimizi hata sharti la kwanza.

Mzee wangu unayenisikiliza, kulitoa neno la China katika kinywa cha Mtume hakuipunguzii elimu kitu. Unayo hadithi ya Muslim ya njia ya peponi, imepita katika maswali ya Tirmidhi na ikasimama. Unayo hadithi ya faradhi, iliyoinuliwa na wingi wa njia. Neno la China unaweza kulisema kama msemo wa wazee, na ukawa umesema kweli.

Nawe kijana, ukitaka kusema hadithi ni dhaifu, usiishie hapo. Taja ni safu ipi, mpokezi yupi, aliyemhukumu ni nani, na kama ipo njia nyingine. Ukishindwa kuyataja hayo, nyamaza kwanza ukaulize kwa sheikh wako, kwa maana kulikana neno ambalo Mtume kalisema ni kosa kama lilivyo kosa kumsingizia asilolisema. Na maimamu wa misikiti, mnapoandaa hotuba ya Ijumaa, ikagueni kila hadithi mnayokusudia kuisoma, muwatajie watu kitabu ilimotoka na daraja lake. Ni sentensi moja tu ya nyongeza juu ya mimbari, na waumini wa Pemba wanaistahiki.